Namba niliyoihifadhi kwa jina "Intavyuu Kigoma"

Simu yangu ina namba moja iliyoandikwa "Intavyuu Kigoma". Nimeshabadilisha simu mara tatu, na namba hiyo inahama nami kila mara. Niliihifadhi Machi 2018, wakati naishi Tabora, Isevya, na nimeitwa kwenye usaili wa kazi mjini Kigoma. Mwenye namba alikuwa dada mmoja aliyenipigia, akajitambulisha kwa jina lake kamili na kuniambia siku, saa na mahali. Mimi nikashika siku, saa na mahali. Jina lake likapita sikio moja likatokea la pili.

Usaili ulikuwa Jumanne saa 3 asubuhi. Nikapanda basi Jumatatu saa 12 alfajiri nikijua jioni nitakuwa Kigoma, nilale kwa binamu yangu mtaa wa Mwanga, asubuhi niamke nimepiga pasi. Wanaoijua njia ile kwa miaka hiyo wanacheka tayari. Baada ya Kaliua kulikuwa na vipande vya barabara ambavyo bado ni udongo, na masika ilikuwa imeshika. Tulipovuka Malagarasi tukakuta lori la mizigo limelala kimshazari katikati ya njia, matairi ya nyuma yamezama hadi ekseli. Nyuma yetu foleni ikajipanga. Usiku ukaingia, konda akatuambia tufunge vioo kwa sababu ya mbu, tukalala humo humo, watu sitini na kuku wawili.

Saa 1 asubuhi, jua ndiyo kwanza linachomoza (Kigoma na ukanda ule wote jua huchelewa, tunatumia saa ya Dar lakini jua si la Dar), konda akanionyesha kichuguu kando ya barabara. Mtandao uko pale juu tu, akasema. Nikapanda na sketi yangu ya usaili, viatu mkononi, nikaandika: "Shikamoo dada. Mimi ni mmoja wa wasailiwa wa leo saa 3. Basi limekwama tangu jana jioni, tuko mbele kidogo ya Malagarasi, lori limeziba njia. Sijui tutatoka saa ngapi. Naomba msamaha."

Jibu lilikuja kabla sijashuka kwenye kichuguu. "Marahaba, pole sana mdogo wangu. Usihangaike. Gari likianza kutembea nitumie meseji. Ukifika Uvinza nitumie nyingine."

Nilidhani ananifariji tu. Miaka miwili baadaye ndiyo nilielewa kwamba alikuwa anapiga hesabu. Kutoka Uvinza kwenda Kigoma mtu mzoefu anaweza kukadiria muda. Kutoka kwenye tope hakuna awezaye. Meseji ya kwanza ingemwambia kama nipo leo au sipo. Ya pili ingemwambia saa.

Lori lilivutwa kwenye saa 2 na nusu. Nilipomtumia ya Uvinza akajibu: "Nimekuweka saa 8 mchana. Usipitie popote, njoo moja kwa moja ofisini, kuna mahali pa kunawa." Nikafika na tope hadi magotini. Akanipokea mlangoni, mama mfupi wa makamo mwenye kitenge cha bluu, akanipa ndoo, sabuni na kanga yake ya kujifutia. Akanikagua shingoni kwa macho, akaniambia kola yangu imekunjika upande wa kushoto. Nikaingia.

Jioni ile, kwa binamu yangu, nikakaa na simu nikaandika barua pepe tatu za shukrani kwa wajumbe watatu wa jopo. Niliwahi kusikia kwamba mtu akimaliza usaili anashukuru. Nikamtaja kila mmoja kwa cheo chake, nikataja swali lake, nikaeleza shauku yangu kwa kazi. Zilinichukua saa nzima na kifurushi cha mtandao cha shilingi elfu moja. Yule mama wa ndoo hakuwa hata akilini. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya kunijulisha kwamba sikuchaguliwa, na aliyeituma alikuwa yeye. Sikujibu. Nilikuwa nimenuna.

Mwaka 2020 nikapata kazi ya msaidizi wa utawala katika shirika jingine, Kigoma hiyo hiyo. Mezani kwangu pakawa na kazi ambayo haikuandikwa vizuri kwenye mkataba: kila nafasi ikitangazwa, mimi ndiye nitakayepanga usaili. Nilijua kazi hiyo kama anavyoijua anayepigiwa simu: mtu anatajiwa saa, anaitikia, basi. Acha niwaeleze siku moja tu, maana ndiyo iliyonirudisha kwenye kichuguu.

Tulikuwa na wasailiwa 6 wa siku moja. Kila mmoja dakika 40 za maswali, kisha dakika 10 za wajumbe kujaza alama peke yao kabla hawajaanza kujadiliana. Kwa hiyo wa kwanza saa 3:00, wa pili 3:50, wa tatu 4:40, chai ya dakika 20, wa nne 5:50, wa tano 6:40, chakula, wa sita 8:30. Ukilitazama kwenye karatasi ni jedwali dogo la mistari sita. Chini yake kuna watu. Mjumbe mmoja alikuwa meneja wetu pale pale. Wa pili alitoka Kasulu na gari la ofisi, na magari ya ofisi hayaruhusiwi kuwa barabarani baada ya giza, kwa hiyo lazima aondoke Kigoma mapema alasiri. Wa tatu alikuwa Dar es Salaam, anashiriki kwa mtandao, na saa 9:30 alikuwa na kikao kingine. Chumba chenyewe kiliazimwa kwa watu wa fedha, ambao walikihitaji kuanzia saa 9:30 hiyo hiyo.

Saa 1:40 asubuhi akanipigia msailiwa wa pili. Ametoka Kibondo alfajiri, gari limeharibika kabla ya kufika Kasulu, fundi anasema saa mbili au tatu. Sauti yake niliijua. Ilikuwa sauti yangu.

Kumsogeza mtu mmoja kutoka 3:50 kwenda 8:30 si kufuta mstari na kuuandika chini. Kwanza inabidi apatikane wa kukaa kwenye 3:50, la sivyo jopo litakaa dakika 50 likitazamana na mtandao wa Dar unakula fedha. Aliyekuwa karibu ni msailiwa wa sita, kijana wa Ujiji. Nikampigia saa 1:50, nikamkuta bado anakunywa chai. Je, anaweza kuja saa 3:50 badala ya 8:30? Akanyamaza kidogo, akasema anaweza. Nikamwambia geti la mbele limefungwa kwa sababu ya ujenzi, aingie la nyuma kupitia kwenye mwembe. Kisha nikampigia wa Dar kumuuliza kama atakubali mabadiliko ya majina, kwa sababu ana nakala zake. Hakupokea. Nikamwandikia. Nikampigia tena. Nikaenda kwa dereva wa Kasulu kumuuliza saa ya mwisho kabisa ya kuondoka. Akasema saa 9:30, si dakika moja zaidi. Nikaenda kwa mhasibu kumwomba robo saa ya chumba endapo tutavuka. Akasema sawa, lakini nimwandikie bosi wake. Nikampigia mlinzi ajue jina jipya la saa 3:50, maana orodha yake ina jina la wa Kibondo na angemrudisha kijana wa watu getini. Halafu umeme ukayumba, nikamtafuta wa jenereta.

Kisha mafaili. Hapa ndipo mtu wa nje hapaoni. Kila mjumbe ana faili lenye wasifu wa wasailiwa kwa mpangilio wa saa, na nyuma ya kila wasifu kuna karatasi ya alama yenye jina juu. Ukibadilisha saa bila kupanga upya mafaili, mjumbe aliyechoka atafungua ukurasa unaofuata na kumpa mtu alama kwenye karatasi ya mwingine. Nimeliona hilo kwa macho yangu siku nyingine: kwenye karatasi ya msailiwa mmoja paliandikwa "Kifaransa kizuri", na huyo hakuwa na neno la Kifaransa kwenye wasifu wake, mwenye Kifaransa alikuwa wa saa iliyofuata. Bila lile neno tusingejua, alama zingesafiri hivyo hivyo. Kwa hiyo asubuhi ile nilipanga upya mafaili mawili kwa mkono, na la tatu nikamtumia mjumbe wa Dar likiwa na kurasa kwa mpangilio mpya na jina limebadilika, ili asije akafungua la zamani.

Baada ya kazi nikahesabu kwenye simu, kwa udadisi tu: simu 11, meseji 7. Kwa ajili ya mtu mmoja kuhama masaa manne na dakika arobaini.

Wa Kibondo alifika saa 8:10, akasailiwa, akatoka na tabasamu, akanipita mezani akiwa anaongea na simu. Kesho yake meneja alinionyesha barua ndefu nzuri ya shukrani aliyoandikiwa naye. Kwangu hakukuja kitu. Nisidanganye, kwa dakika chache niliona uchungu. Kisha nikakumbuka ndoo, sabuni na kanga ya mtu, nikanyamaza.

Katika wasailiwa wale sita, aliyeniandikia alikuwa kijana wa Ujiji, yule ambaye kwa haki ndiye niliyemsumbua. Meseji yake ilifika jioni saa 12:

"Shikamoo dada. Asante kwa kunipigia mapema leo na kunielekeza geti la nyuma, nilikuta wenzangu wawili wanazunguka geti la mbele, nikawaelekeza. Nimerudi Ujiji salama. Namba iliyo kwenye wasifu wangu nitaiacha mwisho wa mwezi, hii ninayotumia ndiyo ya kudumu. Jioni njema."

Niliisoma mara mbili. Kwanza kabisa ilinifundisha kazi. Maelezo ya geti nilimpa yeye peke yake kwa bahati, kwa vile nilikuwa naye kwenye simu; wengine niliwatumia mwaliko uliosema "ofisini kwetu" kana kwamba ofisi ina mlango mmoja. Kuanzia siku ile kila mwaliko ninaoutuma una mstari wa geti, mstari wa mahali pa kushukia bodaboda na namba ya mlinzi. Mpangaji wa usaili haambiwi na mtu kipi kilifanya kazi. Akikosea atasikia; akipatia kunakuwa kimya, na kimya hakimwambii ni jambo gani alilopatia. Kijana yule alinitajia jambo moja mahususi. "Asante kwa kila kitu" nisingeweza kuifanyia chochote.

Pili ni ile namba. Hapa niwe mwangalifu, maana hadithi za namna hii watu huzipenda zikiishia kwamba mwenye adabu alipata kazi kwa adabu yake. Hakupata kwa hiyo. Karatasi za alama zilisainiwa na kufungwa kwenye bahasha siku ile ile kabla hajaniandikia, na mimi sina kiti kwenye jopo. Alikuwa wa pili kwa alama. Wa kwanza alipewa barua ya kazi, akakaa nayo wiki tatu, kisha akaikataa kwa kuwa alipata Mwanza. Ofisi ikashuka kwenye orodha. Kwetu utaratibu ulikuwa siku mbili za kumtafuta mtu kwa simu na barua pepe. Asipopatikana tunaandika kwenye faili kwamba hakupatikana, tunaenda kwa anayefuata. Ofisa rasilimali watu akapiga namba ya kwenye wasifu: haipatikani. Barua pepe haikujibiwa siku ya kwanza. Nikakumbuka meseji, nikampa namba mpya, akapokea mlio wa pili. Alipewa mkataba wa miezi sita.

Je, angeniandikia namba tu bila shukrani? Angeweza, na ingefaa vile vile. Lakini katika miaka yangu pale sikuona mtu aliyeandika kwa ajili ya namba tu. Huwa inakuja imepanda mgongoni mwa asante. Mtu anayekaa chini kumwandikia mpangaji anaanza kumfikiria yule mpangaji ana nini mezani, na hapo ndipo anakumbuka kwamba ana namba ya zamani.

Sasa, si kila shukrani iliyonifikia ilikuwa ya kupokea kwa mikono miwili.

Zilizo nyingi zina mkia. "Asante sana madam, usinisahau." Nikuweke wapi nisikusahau? Sina alama ya kukupa, na meneja akiiona meseji hiyo kwenye simu ya ofisi inaonekana kama tuna letu. Nyingine: "Asante dada, vipi, walisemaje nilipotoka?" Hii inanilazimisha kuchagua kati ya kukukatalia na kuvunja siri ya kikao, na nitakukatalia, na asante yako itakuwa imegeuka kuwa jambo la aibu kati yetu. Kama una swali la halali, mfano majibu yatatoka lini, liulize kwenye ujumbe wake wenyewe siku nyingine. Likichanganywa na shukrani, shukrani ndiyo inayoonekana kuwa chambo.

Kuna aliyeniachia chupa ya asali mapokezini. Asali ya kwetu Tabora, ile nyeusi ya miombo, lita moja, imefungwa kwa gazeti, na kikaratasi "kwa dada wa intavyuu". Naipenda asali hiyo kuliko sukari. Lakini matokeo yalikuwa hayajatoka, na zawadi kwa mtu wa ofisi wakati jambo lako liko ofisini humo ina jina lake. Tuna Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na ofisi yetu ilikuwa na daftari la zawadi. Nikalazimika kuiandika kwenye daftari, kumjulisha meneja, kisha kumpigia msailiwa arudi kuichukua. Alikuja amejiinamia. Alitaka kuwa mwema, nami nikamfanya ajione mwizi. Maneno yangetosha.

Na kuna kosa moja ambalo hata mtu mwenye nia safi hulifanya, na liliniuma zaidi ya yote. Msailiwa mmoja, msichana mwerevu, alichelewa kuwasilisha nakala za vyeti kwa kama saa moja. Tarehe ya mwisho ilisema saa 10 jioni. Nilikuwa bado ofisini saa 11, nikazipokea, nikaziweka na za wenzake. Haikuwa haki kamili, najua, lakini niliujua usafiri wa kutoka kwao. Baada ya usaili akamwandikia meneja wangu barua ya kunisifu: dada wa ofisi yenu ni mtu wa pekee, alinipokelea vyeti hata baada ya muda kwisha. Alidhani ananipandisha. Siku iliyofuata nilikuwa mbele ya meneja naeleza kwa nini niliongeza muda kwa mtu mmoja bila kuwaongezea wengine, na nikapewa onyo la mdomo. Nilistahili, sikatai. Ila tangu hapo huwaambia watu: mpangaji akikupindishia kitu kidogo, mshukuru yeye mwenyewe, kwa maneno, na barua kwa bosi wake itaje mambo yaliyo ndani ya utaratibu. Sema alitoa maelezo yanayoeleweka, sema alipokea simu mapema. Bosi atayafurahia hayo na hakuna atakayeitwa.

Mimi mwenyewe nilipoanza tena kuomba kazi, mwaka 2022, nilikuwa nimeshaujua upande wa pili wa meza. Hivi ndivyo ninavyofanya, na sidai kuwa ni kanuni.

Akinipigia mara ya kwanza namwomba anitajie jina lake tena na ninaliandika pale pale, na namna linavyoandikwa. Ni jambo dogo, lakini ndilo lililonishinda 2018. Baada ya usaili namwandikia siku ile ile jioni au kesho yake asubuhi, kwa njia ile ile aliyonitafutia. Kama alinialika kwa barua pepe najibu kwenye mfululizo ule ule, ili meseji ikae chini ya mwaliko wake, na mtu yeyote akija kunitafuta baadaye akute kila kitu mahali pamoja. Kama alinitafuta kwa meseji ya kawaida, najitahidi isizidi herufi 160, isije ikafika vipande viwili vimepishana. Ujumbe wake hauna nakala kwa jopo, wala ule wa jopo hauna mstari wa mwisho wa "na salamu kwa dada wa ofisi", maana huo ni sawa na kumshukuru mpishi kwa kupitia mgeni mwenzako.

Ndani yake naweka jambo moja alilofanya, na kwa nini lilinisaidia. Namba au anwani yangu kama imebadilika. Basi. Wa mwisho niliouandika ulikuwa hivi: "Habari za jioni dada. Asante kwa kunitumia kiungo cha kikao jana usiku na kunishauri nikijaribu mapema; kumbe simu yangu ilikuwa haina programu ile, nikapata muda wa kuiweka. Kazi njema." Dakika moja, labda moja na nusu kama mtandao ni wa kwetu.

Na kuna pahali ambapo dakika hiyo haina pa kwenda. Kwa ajira nyingi za serikali, mwito wa usaili unatolewa na Sekretarieti ya Ajira na unausoma kwenye Ajira Portal, mara nyingi mnaanza na mchujo mkiwa umati ukumbini, na hakuna mtu mmoja aliyekupangia saa yako. Kusaka namba binafsi ya ofisa wa pale ili umshukuru kutamtia wasiwasi tu. Pale shukrani yangu huishia kwa mama anayesimamia mstari mlangoni, kwa mdomo, nikimaliza.

Namba ile ya "Intavyuu Kigoma" niliitazama mara nyingi nikaiacha. Nilikuwa naona haya. Mtu unamwandikia nini baada ya miaka minne? Asubuhi moja ya kiangazi, nimekaa Kibirizi nikisubiri mitumbwi ya dagaa ishushe, nikaandika bila kufikiri sana: "Shikamoo dada. Mwaka 2018 basi langu lilikwama Malagarasi, ukanihamishia usaili saa 8 na ukanipa maji ya kunawa. Sikukushukuru. Nimefanya kazi kama yako, najua sasa ulipiga simu ngapi. Asante."

Sikujua kama namba bado ni yake. Dagaa walishushwa, nikanunua sado moja, nikapanda bodaboda. Nilipofika nyumbani simu ililia.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa tope? Nilikukumbuka sana siku zile, maana uliondoka na kanga yangu."

Nikaenda kufungua sanduku.